Bosi Mholanzi anasema sikumwambia, na mimi nilimwambia kwa heshima

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, nafanya kazi maabara kwenye kiwanda cha kufungashia parachichi huku Njombe. Meneja wetu ni Mholanzi, msimamizi wa ubora ni Mkenya, sisi wengine ni wa hapahapa. Wiki iliyopita liliingia fuso la parachichi aina ya Hass kutoka kikundi cha wakulima. Nikapima drai mata, kipimo cha kuona kama tunda limekomaa, ikatoka asilimia 19.8, chini ya kiwango, nikaijaza kwenye fomu. Meneja akanikuta mapokezi, kasimama na dereva na mzee wetu wa kupokea mizigo, akaniuliza kama tunaweza kufungasha. Nikamwambia matokeo si mabaya sana, ila kama tungesubiri kidogo ingependeza. Akasema haya, fungasheni.

Kesho yake Mkenya akaiona fomu, akasimamisha upakiaji. Palleti sita zilikuwa zimeshafungwa, zikafumuliwa zote. Kwenye kikao cha asubuhi meneja akanisimamisha mbele ya watu, hadi vibarua, akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikanyamaza, kama ambavyo ningemnyamazia baba yangu. Baadaye nikamwomba yule mzee aende kuniombea radhi. Bosi ndiyo kwanza akakasirika, akasema kama nina neno niende mwenyewe. Na huyu Mkenya naye anaingia maabara hata salamu hana: "Leta ripoti ya jana." Basi.

Jana nimepewa barua ya kujieleza, nijibu ndani ya saa 48. Shangazi, nilimwambia, ila hakusikia. Nimelelewa kumheshimu mkubwa, leo heshima hiyohiyo inanifukuzisha kazi? Nijibu nini, na nitaishije na watu hawa?

Binti wa Maabara, Njombe

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Habari ya barua nilikujibu siku ileile kwa ujumbe, maana saa 48 hazisubiri safu hii itoke. Naiweka hapa kwa sababu najua wapo wengine wenye bahasha kama hiyo kwenye droo.

Barua ya kujieleza si adhabu. Ni mwajiri anakuuliza kabla hajaamua, na sheria zetu za kazi zinamtaka akusikilize kabla hajamwondoa mtu. Kwa hiyo unapoijibu, unamwandikia mtu ambaye hajafunga mlango. Kosa ninaloliona kila mara, na nimekaa ofisi za utumishi huku Nyanda za Juu muda mrefu kiasi cha kuzisoma barua hizi nyingi, ni kuandika kurasa mbili za "naomba radhi sana, mimi ni kijana wako, sitarudia," bila kueleza kilichotokea. Kwetu barua ya namna hiyo inalainisha moyo. Kwa bosi wako itasomeka kama mtu aliyekiri kosa na asiyejua kosa lenyewe ni lipi. Na kosa la pili ni kumshtaki yeye: "Uliniuliza vibaya, uko mkali." Hilo lina mahali pake, nitalifikia, lakini si kwenye barua inayokaa kwenye faili lako.

Andika matukio yalivyofuatana. Siku gani na saa ngapi mzigo uliingia, ulipima matunda mangapi, ilitoka ngapi, uliiandika wapi. Kisha andika alichokuuliza meneja na ulichomjibu, maneno yaleyale, bila kuyapamba. Kisha sentensi moja iliyo wazi, mfano: "Namba 19.8 niliiandika kwenye fomu lakini sikumtajia meneja kwa mdomo, na sikumwambia kwamba mzigo usifungashwe." Malizia na unachopendekeza kibadilike. Radhi iwe mstari mmoja, nayo iwe kwa kutotaja namba, siyo kwa kila kitu chini ya jua. Nakala ibaki kwako ikiwa na saini ya aliyeipokea. Mambo yakienda kombo ukaachishwa kazi na ukaona hukutendewa haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30, na kitu cha kwanza watakachokuuliza ni makaratasi.

Sasa tuzungumze, maana mstari ule wa "sikumtajia" najua umekuuma.

Unasema ulimwambia. Mimi nasema hukumwambia, na naomba usikilize kabla hujaifunga simu. Yule mzee wa mapokezi alikuelewa palepale. Dereva naye alikuelewa, nadhani alishaanza kuhesabu hasara ya safari. Mtu yeyote aliyekulia Njombe, Mafinga au Tukuyu akimsikia binti wa maabara akisema mbele ya watu "ingependeza tungesubiri kidogo", anajua mzigo umekataa. Anajua pia kwa nini hukusema waziwazi: kuna mgeni kasimama pale, kuna mzee, na anayeuliza ni bosi ambaye kwa sauti yake anataka mzigo uende. Ukamwachia nafasi ya kujirudi mwenyewe bila kuonekana kapingwa na mtoto wa maabara. Hiyo ni adabu, na ni adabu nzuri. Inafanya kazi pale tu ambapo anayepokea ujumbe anajua kuitafuta ile nusu isiyosemwa.

Bosi wako hakuitafuta. Alisikia vitu viwili: si mabaya, na kusubiri kungependeza. Kwa alivyozoea, kitu ambacho "kingependeza" ni cha hiari. Na msisahau mlikuwa mnaongea Kiingereza, ambacho si cha kwenu nyote wawili. Katika Kiswahili sauti ingeshuka, ungevuta pumzi, ungetazama pembeni, na hata mgeni angehisi kuna jambo. Kwenye lugha ya kukodi vile vidokezo vyote vinaanguka njiani na maneno yanafika peke yake.

Kwao Uholanzi anayefanya kazi maabara hutegemewa amwambie meneja wake "hapana" akiwa amesimama mbele ya watu, na meneja asione kavunjiwa heshima. Si kwamba hawana adabu. Adabu yao wameiweka penginepo: kumheshimu mtu ni kumwambia jambo lote mapema ili asiumbuke mbele ya safari. Hata sheria yao inawazoeza hivyo. Kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inatakiwa kuwa na baraza la wafanyakazi, na menejimenti haiwezi kufanya uamuzi mkubwa, tuseme kufunga tawi au kuhamisha kazi, bila kwanza kuomba maoni ya baraza hilo. Mtu aliyekulia kazini kwa utaratibu huo, wafanyakazi wakinyamaza anadhani wamekubali. Ule ukimya wako kwenye kikao cha asubuhi, ambao wewe uliutoa kama heshima ya mtoto kwa baba, kwake ulisomeka kama mtu aliyekosa jibu au, vibaya zaidi, anayeficha.

Yupo Mholanzi mwenzao, Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi, kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Alipima kitu alichokiita umbali wa madaraka, yaani watu wa chini wanalichukuliaje pengo kati yao na wakubwa wao. Uholanzi ilipata 38, Afrika Mashariki 64. Huyo bosi wako huenda aliziona namba hizo kwenye semina kabla hajapanda ndege. Usizibebe kama Biblia. "Afrika Mashariki" ya Hofstede iliwafunga pamoja Watanzania, Wakenya, Waethiopia na Wazambia, na waliohojiwa ni watu wa ofisi za kampuni moja, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mama anayechambua parachichi mezani kwenu hakuwemo. Kitu kimoja tu zinanisaidia kumweleza mtu: pengo lipo, na lipo pande zote mbili. Ninyi mnaona yeye kashuka mno, yeye anaona ninyi mmempandisha mno kiasi kwamba hakuna anayemfikia na habari.

Hilo la mwisho ndilo la hatari kuliko matusi yote. Fikiria kilichotokea baada ya kukusimamisha mbele ya vibarua. Wewe uliumia, sawa. Lakini watu wote waliokuwa kwenye kikao kile walijifunza siku hiyo kwamba namba mbaya inamletea balaa aliyeiandika. Wiki ijayo dada wa zamu ya usiku akiona chumba cha baridi kimepanda nyuzi mbili, atafikiria mara ngapi kabla ya kupiga simu? Bosi alidhani anawafundisha watu waseme. Kumbe kafunga mdomo wa kiwanda kizima, na hajui, kwa sababu dalili ya mdomo uliofungwa ni kikao kitulivu ambapo kila kitu kiko sawa. Ukiona kiwanda chenye mzigo wa msimu hakina shida hata moja inayotajwa asubuhi kwa wiki nzima, ujue shida zinasimuliwa kwenye foleni ya chakula.

Halafu ukamtuma mzee.

Nakuelewa kabisa. Kwetu mtu aliyekosana na mkubwa haendi kujitetea uso kwa uso. Anatafuta mtu mzima mwenye heshima pande zote mbili, naye anakwenda jioni, anakaa, anazungumzia mvua, kisha anaingiza neno. Kama mshenga, mwenye shida hayupo chumbani na hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu kila upande unaweza kusema la moyoni bila kumwumbua mwenzake. Bosi yeye aliona nini? Mtu wa mapokezi, asiyehusika na maabara, anamjia na habari za mfanyakazi mwingine ambaye yupo hapohapo hatua 30 na ana mdomo. Kwao hiyo inakaribia kusengenya. Akajiuliza umewasimulia wangapi, na kwa nini hukumwamini yeye kiasi cha kumwendea. Mzee alikwenda kuleta amani, akaonekana mbea. Na mzee naye, bila shaka, karudi akiwa kajiona kadharauliwa na kijana wa Kizungu. Jeraha moja likawa matatu.

Msaada wa mzee usiutupe, uubadilishe kazi tu. Akusindikize badala ya kukuwakilisha. Mnaingia wawili, unaongea wewe, yeye anakaa. Wazungu wengi hawana neno na hilo, na wewe hutajiona mtoto uliyeenda kubishana peke yako na mkubwa.

Mkenya wako nataka nimtetee kidogo, ingawa najua wasomaji wa Makambako hadi Kyela watanichambua. Sikiliza unavyohukumu: Mholanzi akiingia bila salamu unasema "mgeni, hajui", Mkenya akiingia bila salamu unasema "anajua, ila ana dharau". Kwa sababu mnaongea Kiswahili kimoja, umemdai adabu ya Njombe yote. Lakini Kiswahili amekijua kwa njia nyingine, na pengine kwenye kazi zake zote salamu ilikuwa ya getini asubuhi, ikishatolewa imetosha hadi jioni. Kusema "leta ripoti" kwake ni kuongea na mwenzake wa kazi. Wewe unaisikia kama amri kwa mtumwa. Hapa hakuna haja ya kikao. Akiingia, mwahi wewe: "Kaka, kamwene! Umeamkaje?" Atacheka, atauliza jibu lake ni lipi, na baada ya siku chache ataanza mwenyewe. Asipoanza, una hasara gani? Mkumbuke pia kwamba yeye ndiye aliyeifungua ile fomu, na palleti zile sita zikabaki Njombe. Angekaa kimya kwa adabu, zingeenda.

Na zingeenda zikafanya nini? Wewe unajua, lakini wasomaji wasiofanya kazi kwenye parachichi waelewe ubishi ulikuwa wa kitu gani. Drai mata ni uzito unaobaki baada ya maji kukauka. Unachukua nyama ya tunda, unaikwangua, unapima gramu 10, unaikausha kwenye maikrowevu au oveni mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 2.1, hiyo ni asilimia 21, na huo ndio mwisho wa chini wa Hass kwenye soko la Ulaya. Wanunuzi wengine wanataka zaidi. Chini ya hapo tunda halijakomaa, na likishachumwa halikomai tena hata ulibembeleze. Litakaa kwenye kontena la baridi wiki kadhaa baharini, lifike duka la huko likiwa zuri kwa macho, kisha mteja aliweke mezani linywee, ligeuke mpira, lisiwe na ladha. Palleti moja ya katoni za kilo 4 huwa na katoni 264, kwa hiyo palleti sita ni zaidi ya tani sita. Mnunuzi akikataa tani sita huulizwi kama ulisema kwa adabu au bila adabu.

Kwa hiyo namba ile haikuwa maoni yako. Usingekuwa unampinga mtu kwa kuitaja. Hapa ndipo pa kupona, na ndilo pendekezo ninalotaka uliweke mwisho wa barua yako: mwombe meneja uamuzi wa kusimamisha utoke kinywani mwa watu uende kwenye karatasi. Juu ya fomu yenu ya maabara pachapwe kiwango cha chini mlichokubaliana na mnunuzi. Pembeni kuwe na visanduku viwili, PITA na SIMAMA. Namba ikiwa chini ya kiwango, anayepima anatia alama SIMAMA, anabandika karatasi nyekundu kwenye kreti ya kwanza ya mzigo, na hakuna kreti inayoingia kwenye laini mpaka meneja au msimamizi wa ubora aweke saini yake ya kuruhusu. Siku hiyo bosi akikuuliza mbele ya dereva kama tunaweza kufungasha, hutamkatalia wewe. Unamnyooshea fomu: "Imetoka 19.8, kiwango ni 21, iko kwenye SIMAMA. Naomba uamuzi wako." Umemwita mkubwa, umeomba, umesimama wima, na habari imefika nzima. Mholanzi kapata namba yake, mzee hajasikia mtoto akimpinga bosi.

Ukilitazama jibu hilo, limebeba namba, mpaka, na unachotaka kwake. Kwa mtu wa aina ya bosi wako anza na namba kila mara, upole ufuate nyuma. Sisi tunaanza na upole, tunazunguka, namba tunaiweka mwishoni ikiwa imefunikwa na "kidogo" na "ingependeza", na yeye anakuwa ameshageuka. Huhitaji kuwa mkavu. Geuza tu mpangilio.

Lakini karatasi haimalizi yote. Yapo mambo yasiyo na namba: mashine inatoa sauti ngeni, kibarua anafanya kazi akiwa mgonjwa, mkulima fulani unamshuku anachanganya matunda. Kwa hayo omba dakika tano na meneja kabla ya zamu, mlango ukiwa umefungwa, kila siku au hata mara mbili kwa wiki. Huko chumbani utaweza kusema ambacho mapokezi usingekisema. Akikubali, mwombe abadilishe na swali. "Kila kitu sawa?" ni swali ambalo kwetu lina jibu moja tu, hata nyumba ikiwaka moto. Aulize: "Nini kinaweza kutuharibikia leo?" Swali hilo limeshakubali kwamba kuna ubaya, kwa hiyo anayeutaja hajamvunjia mtu heshima, kajibu alichoulizwa.

Sasa lile la kukusimamisha mbele ya watu. Usisubiri alione usoni mwako, hataliona. Watu wa nyumbani wangeona umepungua salamu, huchangii kikao, wangejua binti kaumia. Yeye atadhani umeelewa somo na sasa umetulia. Inabidi umwambie, na kwa kuwa anapenda mambo yasemwe, huu ndio wakati wa kumpa anachopenda. Subiri barua yako ijibiwe kwanza ili mambo yasichanganyike. Kisha uingie, na mzee ukitaka, useme hivi: "Nimekubali kwamba namba nilipaswa kuitaja. Nina jambo lingine. Uliponiuliza mbele ya wafanyakazi wote, kwetu huko ni kumwaibisha mtu, na wenzangu sasa wanaogopa kuleta matokeo mabaya. Nikikosea tena, naomba uniite ofisini. Nitakujibu kila kitu." Usimweleze utamaduni wa Wabena tangu mababu. Mweleze kinachotokea kiwandani kwake.

Jiandae kwa jibu lake. Anaweza kusema "sawa, nimeelewa" kwa sekunde tatu na kurudi kwenye kompyuta, bila pole, bila kukuuliza unajisikiaje. Utatoka ukidhani kapuuza. Mpe wiki mbili, umhukumu kwa atakachofanya. Anaweza pia kukubishia hapohapo, "lakini wewe ulinyamaza". Usiuchukue ubishi huo kama hasira. Jibu, tena kwa sentensi fupi. Wengi wao wakishabishana na mtu wanamheshimu zaidi kesho yake, jambo ambalo mimi mwenyewe bado linanishangaza.

Ila mwanangu, si kila ukali ni utamaduni. Mholanzi kusema "kazi hii ni mbaya" ni kwao. Kukuita mjinga, kukupigia kelele, kukutupia makaratasi, kukudhihaki rangi au kabila, hayo si ya Uholanzi wala ya popote, na ukiyaita utamaduni unamsaidia mkosaji. Utayatofautisha kwa kutazama anavyowatendea wakubwa zake na Wazungu wenzake. Mtu mwenye ukweli wa wazi anawaambia na wao hivyohivyo, na anakubali kuambiwa. Akiwa mnyenyekevu kwa juu na mkali kwa chini tu, huyo ni mnyanyasaji, mzaliwa wa Rotterdam au wa Rujewa. Kwa hilo andika tarehe, saa, maneno na waliokuwepo, nenda kwa afisa utumishi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na usimtume mtu.

Kuna jambo moja hukuliuliza, ila lipo kwenye barua yako. Wakulima wa kile kikundi waliambiwa nini? Nahisi waliambiwa "njooni wiki ijayo". Hakuna aliyetaka kumwambia mzee mwenye shamba kwamba parachichi lake halijakomaa, wakati mwenyewe kalichuma na kalipia fuso. Unaona ninyi nanyi mmemfanyia mkulima lilelile: mmemheshimu kwa kumnyima habari. Na yeye hana fomu ya kuisoma. Kamati ya kikundi ilete matunda ya kupimwa siku kadhaa kabla ya kuchuma. Ikitoka 19.8, unamwambia mzee namba hiyo kwa simu, wewe na yeye, wakati matunda bado yako mtini na yanaendelea kukomaa. Hapo "hapana" yako haimgharimu chochote, wala hakuna dereva anayesikiliza. Upimaji huo unatumia fomu yenu ileile na maikrowevu yenu ileile, kwa hiyo ukienda kuomba visanduku vya PITA na SIMAMA, liombe na hili siku hiyohiyo.